Kapasita ya Saba: Hesabu ya kvar na Rezonansi katika Kinu cha Kimandolu

Kapasita iliyopasuka hujitambulisha kabla hujafungua paneli. Kuna harufu ya mafuta yaliyoungua, na ukikaribia utasikia mlio mzito kuliko ule mnong'ono wa kawaida wa transfoma. Ukifungua mlango utaona kopo la alumini limevimba juu kama mkate uliozidi hamira. Katika kinu kimoja cha kusaga na kukoboa huko Kimandolu, mashariki mwa jiji la Arusha, nilikuta makopo matatu ya namna hiyo yamepangwa sakafuni, na la nne likiwa bado ndani ya paneli na fyuzi zake mbili zimekatika.

"Fundi," mwenye kinu aliniambia baada ya salamu, "hivi vitu nilinunua vinipunguzie bili. Bili kweli ilishuka. Sasa mbona kila baada ya miezi miwili nanunua vingine?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake halikuwa kwamba ameuziwa kapasita mbovu. Aliyezifunga alipiga hesabu ya kwanza vizuri. Hesabu ya pili aliifanya nusu, na mzigo ulipobadilika hakuna aliyeirudia. Nitazipitia zote mbili kwa namba za kinu hicho, kwa kuwa hali yake ndiyo hali ya wateja wengi wa ukubwa wake.

Tuanze na bili, maana humo ndimo sababu ya kununua kapasita ilimo. Mteja mdogo wa TANESCO anayetumia LUKU, iwe ni nyumba, saluni au kibanda cha kuchomelea, hulipia uniti, yaani kilowati kwa saa. Pawa fakta yake ikiwa mbaya, bei ya uniti haibadiliki. Kwa hiyo vile visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyosemwa kupunguza bili ya nyumbani havimsaidii kitu, hata kama ndani yake kuna kapasita ya kweli. Mambo hubadilika kwa mteja wa daraja la T2, anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwa volti 400. Huyu hulipia uniti zake, kisha hulipia pia kilele cha mzigo wake kwa kVA. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kila kVA ya kilele ilikuwa shilingi 15,004 kwa mwezi. Hesabu zangu za fedha hapa zinatumia bei hiyo.

Tofauti ya kW na kVA ndiyo kiini cha jambo. Mota ya kinu huhitaji mkondo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Mmoja unageuzwa kuwa kazi, nao ndio unaozungusha nyundo na kusaga mahindi. Mwingine unajenga uga wa sumaku ndani ya mota, na huo hauliwi: unaingia na kurudi mara 100 kwa sekunde, ukijaza nyaya, fyuzi na transfoma bila kusaga hata punje moja. Wa kwanza tunaupima kwa kW, wa pili kwa kvar. Jumla yao, ambayo si ya kujumlisha moja kwa moja bali ya pembetatu mraba, ndiyo kVA. Pawa fakta ni kW ukigawa kwa kVA. Kapasita nayo hubadilishana mkondo wa aina hiyo ya pili, ila kwa zamu iliyo kinyume na mota: mota inapopokea, kapasita inatoa. Ukiifunga karibu na mota, mkondo wa sumaku unazunguka kati ya hizo mbili na hauna haja tena ya kutoka kwenye laini ya TANESCO.

Siku kapasita zilipofungwa mara ya kwanza, kinu kilikuwa na kilele cha kW 180 na pawa fakta ya 0.72, hali ya kawaida kwa mota kubwa zinazozunguka muda mrefu zikiwa hazijashiba mzigo. Hiyo ni kVA 250. Lengo lilikuwa kufika 0.95. Hesabu inayotumika ni hii:

```
Qc = P × (tan φ1 − tan φ2)
Qc = 180 × (0.964 − 0.329) = 114 kvar
```

Namba 0.964 ni tanjenti ya pembe ambayo kosaini yake ni 0.72, na 0.329 ni ya ile ambayo kosaini yake ni 0.95. Kwa lugha nyepesi, kila kW ya kinu ilikuwa inaburuta kvar 0.964, nasi tunataka iburute 0.329 tu. Kapasita zinauzwa kwa saizi maalumu, kwa hiyo fundi alifunga hatua sita za kvar 20, jumla 120, zikiongozwa na rilei inayoziingiza na kuzitoa moja moja kadiri mzigo unavyopanda na kushuka. Katika 0.95 kilele kinashuka hadi kVA 189.5. Ni pungufu ya kVA 60.5, au takriban shilingi laki tisa na elfu saba kila mwezi. Mwenye kinu alikuwa na haki ya kufurahi.

Mwaka na ushee baadaye aliongeza mashine. Alifunga kinu kingine cha kW 30, na mota mbili za feni na pampu zinazoendeshwa kwa inverta, ambazo kwa pamoja zilichukua kama kW 40. Mzigo ukafika kW 250 na kvar 213. Ukiondoa 120 za kapasita zinabaki 93, na pawa fakta inasimama kwenye 0.937. Rilei ikaanza kuonyesha kuwa lengo halifikiwi. Fundi mwingine akaitwa, akaongeza kapasita ya saba. Kvar zikawa 140, pawa fakta ikapanda hadi 0.96, kila mtu akaridhika. Kuanzia hapo makopo yakaanza kuvimba.

Sasa tuje kwenye hesabu ya pili. Transfoma ya kinu ni ya kVA 315, kutoka kilovolti 11 kwenda volti 400, na kwenye kibao chake imeandikwa impidansi ya asilimia 4. Sehemu kubwa ya impidansi hiyo ni indaktansi, yaani transfoma yenyewe inafanya kazi kama koili iliyokaa kati ya laini na kinu. Ukiweka kapasita upande wa volti 400, umeweka koili na kapasita sambamba. Jozi kama hiyo ina masafa yake ya asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Ukiisukuma bembea kwa mwendo wake huohuo, kila msukumo mdogo unaongezea ule uliotangulia. Hiyo ndiyo rezonansi.

Katika hezi 50 za gridi jozi hii imetulia kabisa. Tatizo ni kwamba inverta haichukui umeme kwa wimbi laini. Kifaa chake cha mbele chenye daraja la diodi sita huvuta mkondo kwa mafungu, na mafungu hayo ndani yake yana mikondo ya masafa ya juu, ambayo tunaiita hamoniki: ya 5 kwa hezi 250, ya 7 kwa hezi 350, kisha ya 11 na ya 13. Mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini haina tabia hiyo kwa kiasi cha kutisha. Ndiyo maana kinu kilikaa salama mwaka mzima kikiwa na kapasita 120. Bembea ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hapakuwa na wa kuisukuma.

Hamoniki ambayo jozi itaitikia hupatikana hivi:

```
h = √(Ssc / Qc)
```

Hapo `Ssc` ni nguvu ya shoti mahali kapasita zilipo, na `Qc` ni kvar zilizoingia wakati huo. Kwa transfoma peke yake, nguvu ya shoti ni kVA 315 ukigawa kwa 0.04, sawa na kVA 7,875. Ukiwa na kvar 120 unapata 8.1. Fundi wa kwanza aliniambia kwa simu kuwa aliipiga hesabu hii, akaona 8.1 si 7 wala si 11, akaendelea. Alifanya zaidi ya wengi wanavyofanya, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini nyuma ya transfoma kuna laini. Kutoka kituo cha kushushia umeme hadi kwenye nguzo ya kinu kuna kilomita za waya wa kilovolti 11, nazo zina indaktansi yake ambayo haijaandikwa kwenye kibao cha transfoma yoyote. Kwa makadirio yetu nguvu ya shoti ya laini pale nguzoni ilikuwa MVA 60 hivi. Ukiiunganisha na ya transfoma, jumla inashuka kutoka 7,875 hadi kama 6,960. Sasa kvar 120 zinatoa 7.6, na 140 zinatoa 7.05. Kapasita ya saba iliipeleka bembea moja kwa moja kwenye hezi 350, ambako inverta mbili zilikuwa zinasukuma mchana kutwa.

Karatasi inaweza kudanganya, kwa hiyo tulipima. Kapasita ya kvar 20 kwa volti 400 inapaswa kuchukua ampia 29. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60831 kinataka kapasita ivumilie mara 1.3 ya mkondo wake, yaani ampia 37 na kidogo. Tuliweka kapasita mpya pale zilipokufa, tukaweka rilei kwenye hali ya mkono, mashine zote zikiwa kazini, tukaingiza hatua moja baada ya nyingine huku tukisoma mkondo wa kapasita moja. Hatua ya kwanza ilisoma ampia 29 na nusu. Ya pili 31, ya tatu 33. Ya nne ikashuka hadi 31, ya tano 32, ya sita 35, na ya saba 40.

Msomaji aangalie vizuri mpangilio huo, kwa sababu namba zinasimulia zenyewe. Kila hatua inayoingia inahamisha masafa ya jozi. Kwa kvar 40 jozi inakaa karibu na hamoniki ya 13, kwa 60 inakaribia ya 11, kwa 80 inaangukia katikati ambako hakuna kitu, kisha inaanza kuteremka kuelekea ya 7. Paneli ya hatua saba haina rezonansi moja bali saba, na aliyekagua ya mwisho peke yake amekagua moja kati ya saba. Mkondo wa ampia 40 ukiuchambua, 29 ni wa hezi 50, na karibu zote zilizobaki ni hamoniki ya 7, kama ampia 27. Hazijumlishwi kwa kawaida bali kwa mraba, ndiyo maana 29 na 27 zinatoa 40.

Angalia pia hatua ya sita. Ampia 35 ziko chini ya kikomo, na masafa yake ya 7.6 yanaonekana kuipita 7 kwa nafasi. Lakini rezonansi si mlango mwembamba, ni bonde pana. Ukiwa karibu hivyo na hamoniki inayozalishwa na mashine zako, mkondo wake tayari umekuzwa mara kadhaa. Kapasita inayokaa kwenye ampia 35 haipasuki wiki hii. Inazeeka kwa joto, inapoteza uwezo wake polepole, na mwaka ujao mtu atalaumu kampuni iliyoitengeneza.

Hapa niseme neno kuhusu kifaa cha kupimia. Mita ya klampu ya bei nafuu, isiyosoma thamani halisi ya wimbi lililopinda, inaweza kukuonyesha namba ya chini kuliko ilivyo, ukaamini kila kitu ni salama. Nimeona mafundi wazuri wakipotezwa na hilo. Kama huna analaiza ya umeme, walau hakikisha klampu yako imeandikwa `TRUE RMS`.

Kuna kipimo kingine cha kumsaidia fundi asiye na vifaa vingi, nacho ni uwezo wa kapasita yenyewe. Zima, subiri kapasita imwage chaji kupitia rezista zake kwa dakika kadhaa, thibitisha kwa voltimita kuwa hakuna volti iliyobaki, kisha pima kati ya ncha mbili kwa mita ya mikrofaradi. Kapasita nzima ya kvar 20 kwa volti 400 iliyofungwa delta itasoma karibu mikrofaradi 199 kwa kila jozi ya ncha. Katika paneli ile tulipata 161, 170 na 148 kwenye moja kati ya zile ambazo kwa nje zilionekana nzima. Ilikuwa imekwishaanza kufa.

Dawa ya haraka tuliifanya siku hiyohiyo: tuliitoa hatua ya saba na ya sita. Kwa kvar 100 pawa fakta ilirudi 0.91, na mwenye kinu akalipa kVA zaidi kwa muda. Ni bora kulipa hivyo kuliko kulipa makopo. Kujaribu kukwepa kwa kuchagua namba nyingine ya kvar sikukushauri. Transfoma hii haina nafasi tulivu yenye upana wa kutosha, laini nayo haikai ilivyo. Siku TANESCO wakigeuza njia ya kulisha eneo, nguvu ya shoti inabadilika na hesabu yako yote inahama.

Dawa ya kudumu ni riakta. Ni koili inayofungwa mfululizo na kila kapasita, mara nyingi ya asilimia 7, ili hatua nzima iwe na masafa yake ya hezi 189. Chini ya hapo inafanya kazi kama kapasita na inasahihisha pawa fakta kama ulivyotaka. Juu ya hapo, ikiwemo hezi 250 na 350, inaonekana kama koili, na koili mbili hazifanyi bembea. Rezonansi na transfoma bado ipo, lakini imeshushwa chini ya hezi 189, mahali ambapo inverta za fezi tatu hazizalishi hamoniki. Na inakaa huko kwa hatua moja au saba, laini ikiwa nene au nyembamba.

Lakini riakta haifungwi juu ya kapasita za zamani. Koili ya asilimia 7 inapandisha volti kwenye kapasita: mtandao ukiwa na 400, kapasita inaona 430. Usiku, mzigo wa eneo ukishuka, mtandao wenyewe huweza kufika 415, na kapasita ya 400 inakuwa imezidiwa tena. Tulitumia kapasita za volti 480. Hizi zikikaa kwenye volti pungufu hutoa kvar pungufu ya maandishi yao, kwa hiyo kupata kvar 20 halisi tulihitaji zilizoandikwa takriban 27. Asiyejua hilo hununua zilizoandikwa 20, akapata 15, kisha akashangaa kwa nini lengo halifikiwi. Na usichanganye hatua zenye riakta na zisizo nayo katika paneli moja. Zile tupu zitaendelea kutafuta rezonansi yao, safari hii zikiwa na jirani aliyebadilisha ramani.

Limebaki jenereta, nalo lilinipa wasiwasi kuliko yote. Kinu kina jenereta ya kVA 250, urithi wa miaka ya mgao kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha mwaka 2024. Indaktansi ya ndani ya jenereta ni kubwa kuliko ya transfoma. Tukiichukua kuwa asilimia 12, nguvu yake ya shoti ni kVA 2,083 tu. Ukiweka kvar 80 juu yake unapata 5.1, yaani juu kabisa ya hamoniki ya 5, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika inverta. Tena kapasita nyingi kwenye jenereta yenye mzigo mdogo humfanya mdhibiti wa volti ashindwe kuishusha volti, ikapanda hadi kuunguza taa na vifaa vya elektroniki. Katika paneli ya Kimandolu kapasita zilikuwa zinabaki kazini umeme wa TANESCO ukikatika na jenereta ikiwaka, kwa sababu tu hakuna aliyefikiria kuunganisha waya mmoja. Tuliuunganisha: kontakti ya ziada kwenye swichi ya kubadilishia inakata umeme wa kontakta zote za kapasita mara jenereta inapochukua mzigo. Jenereta hulipiwa dizeli, haina bili ya kVA, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Kuna swali ambalo mwenye kinu aliniuliza mwishoni na ambalo linastahili jibu: akiendelea kufunga inverta kwenye mota zake zote, atahitaji kapasita ngapi? Atahitaji chache kuliko sasa. Inverta yenyewe hutunza mkondo wa sumaku wa mota upande wake wa ndani, na kwa laini huonekana kuwa na kvar kidogo sana. Pawa fakta yake inaharibiwa na hamoniki, na hizo kapasita haiwezi kuzisahihisha hata ukiweka mia. Dawa yake ni choki ya mbele au kichujio. Ukiona rilei inaonyesha 0.98 huku analaiza inaonyesha 0.85, hizo ni namba mbili za mambo mawili, na kuongeza kapasita kwa kuifuata ya pili ndiko kunakozaa makopo yaliyovimba.

Kwa hiyo, wewe mwenye kinu, karakana ya mbao au kiwanda cha barafu unayepanga kununua kapasita: fundi akikuletea namba ya kvar, muulize impidansi ya transfoma yako ni asilimia ngapi, `h` ya kila hatua ni ngapi, na jenereta ikiwaka kapasita zinakwenda wapi. Kama hana majibu hayo matatu kwenye karatasi, usisaini.